Jani la Kahawa Ndani ya Tairi

Mimi tairi la mtumba siliamini hata likiwa limelala. Nyumbani wananicheka, wanasema nikienda mnadani nanusa hadi chumvi. Wacheke tu. Noah yetu, tuliyoing'oa viti tukawa tunabebea mahindi na ufuta, imetulisha tangu watoto wako shule ya msingi, na aliyekuwa akiikagua kabla haijatoka uani ni mimi, siyo baba watoto. Yeye anajua kuendesha. Kuinama kuangalia gari chini hataki, anasema ni kulitafutia ugonjwa.

Huku kwetu Mbozi wenye magari tuna desturi moja. Ukiacha tairi kwa fundi pancha ukaenda kunywa chai, unaweza kurudi ukapewa la mwenzio, bovu, na fundi akakuapia kwa mama yake mzazi kwamba ndilo lako. Kwa hiyo kila mtu ana alama yake, anaichora kwa rangi ya mafuta ndani ya tairi, mahali ambapo hapaonekani likishafungwa kwenye ringi. Yangu ni jani la kahawa lenye mshipa katikati. Nalichora mwenyewe, kwa rangi nyeupe, na ncha yake huwa inapinda kushoto kwa sababu mkono wangu ndivyo ulivyo.

Msimu uliopita baba watoto alitoka Mbangala na ufuta kupita kiasi, matairi ya nyuma yakiwa yamepungua upepo, naye akaona uvivu kusimama kujaza. Alipofika, fundi aliyatoa, akayapanua kwa mguu, akaniita niangalie. Kwa nje yalikuwa matairi mazuri, kashata, yale meno ya kukanyagia, ndefu, bado mabichi. Kwa ndani, kuzunguka ubavu wote, kulikuwa na mstari uliokwanguka kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga, na unga mweusi wa mpira umejaa chini. Fundi akaeleza kwamba tairi likikimbia bila upepo wa kutosha na mzigo juu, ubavu unajikunja na kujisaga, nyuzi za ndani zinachoka. Unaweza kulijaza likasimama vizuri, ukalitembelea hata mwezi. Siku litakayoamua, halitobolewi na msumari, linapasuka lenyewe.

Nikamwambia baba watoto ayapeleke kwa fundi wa katambuga kule Mlowo, yakatwe viatu, yasirudi barabarani. Alirudi akaniambia kazi imekwisha. Nami nikasahau.

Sasa mdogo wangu wa kiume ana Noah kama yetu, ya abiria. Yule ni mtu mwema, na wema wake ndio ugonjwa wake, anamwamini kila anayetabasamu. Mama yetu yuko Ileje, ana mtoto wa jicho, na hospitali ya Mbeya walikuwa wamempangia siku ya kufanyiwa upasuaji. Mdogo wangu ndiye wa kumfuata. Ile njia ya Ileje ni milima, kona moja inakupokea kutoka kona nyingine, na upande mmoja ni bonde. Tairi la mbele likipasuka kwenye ule mteremko, usukani unakuvuta na hakuna pa kulaza gari. Kwa hiyo aliponipigia kwamba anakwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia, kuchukua tairi la mbele la kulia ndipo aelekee kwa mama, nikamwambia anisubiri Vwawa, tunakwenda wote.

Njiani aliniambia nisijisumbue kukagua, la kushoto alishanunua kwa muuzaji huyohuyo majuzi, limetoka Zambia, halina hata mkwaruzo, na jamaa amemwekea pacha wake. Hapo hapo nikashtuka. Mfanyabiashara wa Tunduma akuwekee kitu kizuri asikiuze, wakati foleni ya malori imejaa wateja? Nilishika begi langu lenye tochi, kitambaa cheupe na chupa ya maji.

Muuzaji alikuwa kando ya barabara, matairi yamepangwa kama vitumbua, yanang'aa. Alikuwa akimsalimia Mzambia mmoja kwa Kibemba, mulishani, akatugeukia sisi akatusalimia kwa Kinyiha, kwa upole kabisa. Mdogo wangu akalainika palepale. Mimi nikaitikia, ila nikajisemea, lugha ya nyumbani haishiki upepo.

Kabla ya kuletewa hilo pacha nikaanza na yaliyokuwa mbele yangu, ili nimjue mtu kwa mali yake. Nikamwagia maji kitambaa nikafuta moja ubavuni. Kitambaa kikawa cheusi, na chini ya ile rangi nikakuta nyufa ndogondogo zimezunguka. Nilipolibinya kwa dole gumba zikafunguka. La pili nilitafuta zile tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka, nikakuta zimesuguliwa kwa msasa. Nikauliza kwa nini mtu afute siku ya kuzaliwa ya tairi. Akasema lilijisugua kwenye ukingo wa barabara. La tatu kashata zake zilikuwa ndefu mno, lakini vile vipande vidogo vya mpira vilivyo katikati ya mifereji, vinavyoonyesha tairi limefika mwisho, havikuwepo. Lilikuwa kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto, yaani wamekata mpira ule mwembamba unaofunika nyaya.

Muuzaji akaacha Kinyiha. Akasema kwa Kiswahili kwamba mama huyu amekuja kununua au amekuja kupekua. Mdogo wangu akaona aibu, akaninong'oneza kwamba mama anasubiri, ameshaoga, amekaa na mkoba wake mlangoni. Nikamwambia akae tu, mlangoni hapana mteremko.

Ndipo likaletwa lile pacha. Na hapa nikiri, nusura linishinde. Tarakimu zipo, mwaka si wa zamani. Kitambaa kilitoka na vumbi tu. Kashata ndefu, za asili, vile vipande viko mahali pake. Nikalibingirisha lote, kwa sababu wana mtindo wa kulisimamisha upande mbovu ukielekea chini, sikuona uvimbe wala mkato. Nikapapasa ukingo unaokaa kwenye ringi, haujachanika, waya haujatokeza. Mdogo wangu alikuwa akinitazama na tabasamu la kusema, nilikwambia. Fundi wa kufunga akaja na vyuma vyake, akalishika. Na fundi wa pale, mjue, anakula sahani moja na muuzaji, hatakuambia kitu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikamwambia fundi aliache kwanza. Nikaingiza mkono na kitambaa ndani, nikazungusha. Kilitoka na unga mweusi. Kidogo tu, maana mtu alikuwa amekwisha kufuta, lakini kwenye kona za ndani ulikuwa umebaki. Nikawasha tochi, nikampa mdogo wangu ashike, nikalipanua kwa goti. Ule mstari uliokwanguka ulikuwepo, umezunguka ubavu. Nikafuata mstari kwa mwanga, na karibu na mwisho nikaona kitu cheupe.

Jani la kahawa. Ncha imepinda kushoto.

Sikupiga kelele. Nikakaa juu ya tairi lingine. Mdogo wangu akaniuliza nina nini, nikamwonyesha. Alama yangu aliijua. Akasema labda kuna mwingine anachora jani. Nikamuuliza kama kuna mwingine mwenye mkono wangu.

Kisha nikageuza macho, nikatazama gurudumu la mbele la kushoto la gari lake. Naye akatazama. Akaanza kubisha kwamba lile halina tatizo, Jumapili alikwenda nalo Ileje kumpeleka mama kanisani, wameshuka na kupanda. Nikamwambia fundi alitoe. Fundi akamtazama muuzaji. Nikamwuliza anamtazama nani vile, gari ni letu.

Likatolewa kwenye ringi. Hili halikuwa limefutwa tena, limetembea, kwa hiyo unga ulimwagika miguuni mwa mdogo wangu kama masizi ya bomba. Jani lilikuwa pale. Pale kwenye mstari mpira ulikuwa umeachana, nyuzi zinaonekana, na ukibonyeza kidole kinazama. Mdogo wangu alibonyeza, akatoa kidole chake, akakitazama.

Muuzaji sasa alikuwa ameshuka sauti. Zambia ikawa imekwisha, akasema aliyachukua Mlowo, kwa fundi wa katambuga, naye fundi alimwambia aliyeyaleta ni mwenye gari mwenyewe, kayauza kama matairi mazima. Huyu nilikuwa nimemshuku tangu nashuka garini, na mwongo alikuwa mwongo kweli. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nikatoa simu nikampigia baba watoto.

Nikamuuliza yale matairi ya ufuta aliyapeleka yakatwe au aliyauza. Akaanza kuuliza nipo wapi, nikarudia swali. Akasema taratibu, "Kashata zilikuwa bado nzima, mke wangu. Nikajua yatachukuliwa na mtu wa mbali huko."

"Yamechukuliwa na mama yangu," nikamwambia, nikakata simu.

Matairi tuliyofunga siku ile tuliyapata palepale, kwa muuzaji yuleyule, kwenye rundo la nyuma ambalo halijapakwa rangi. Yalikuwa ya kijivu, hayapendezi, moja lina kiraka kimoja katikati ya kashata, mahali ambapo kiraka kinaruhusiwa, na ndani ni masafi kama bakuli. Nilipapasa kila kipande mwenyewe na hakuna aliyenihimiza. Mdogo wangu ndiye aliyeshika tochi. Tulifika Ileje jua likiwa bado juu, mama akaingia garini na mkoba wake akilalamika kwamba tumechelewa, na kule kwenye mteremko nilikuwa nimemshika mkono hadi akaniuliza kama ni yeye anayeumwa au ni mimi.

Yale mawili, ambayo muuzaji hakuthubutu kuyadai, nilirudi nayo nyumbani. Nikayapeleka Mlowo mimi mwenyewe, nikamsimamia yule fundi kichwani hadi kisu kilipopita katika yote mawili. Alilalamika kwamba kwenye kashata kuna nyaya, akakata soli ubavuni. Ikatoka jozi moja ya saizi ya mume wangu. Sikumgombeza. Niliziweka tu mlangoni, na viatu vyake vingine vya shambani nikamgawia jirani. Mume wangu akazivaa.

Mama alipotoka hospitali alikuja kukaa kwetu. Jicho lilikuwa limefunguka, anaona hadi kuku wa jirani, anafurahia kila kitu kama mtoto. Asubuhi moja alizishangaa zile katambuga miguuni mwa mkwewe. Akasema mbona imara hivyo, zimetokana na tairi gani, na yeye atakatiwa lini za kwake.

Mume wangu akanitazama. Nikaendelea kuchambua maharage.

"Mjibu mama," nikamwambia.