Miaka Minne Niliyomwongezea Dastan

Dastan ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea mimi hapa Chiwanda, kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Kuuza hakuweza: mteja akinuna kidogo tu, yeye anamwongezea kisado.

Dalali mmoja wa kazi, Joakim, alipokuja kutafuta vijana wa machimbo ya mawe huko Msumbiji, alitaka wenye miaka kumi na minane. Dastan alikuwa na kumi na minne. Nilivutana na Joakim mpaka chakula kikawa juu yake na likizo kila Krismasi. Kisha nikaenda kwa mtendaji, nikaapa mtoto katimiza kumi na minane, nikapewa barua yenye mhuri. Nilirudi nyumbani najiona mjanja.

Machimbo hayakuwepo. Joakim aliwakabidhi kwa wapiganaji porini. Mwaka wa kwanza Dastan alibebeshwa risasi. Wa pili akapewa bunduki, na mwenzake alipojaribu kutoroka, yeye ndiye aliyelazimishwa kumuua. Wa tatu akavuka Ruvuma, akajisalimisha kwa askari. Barua yangu alikuwa bado nayo, imefungwa kwenye nailoni. Kwa barua ile alikuwa na ishirini na mmoja. Wakamweka mahabusu na watu wazima.

Afisa ustawi wa jamii, Sekela, akaniita.

"Mama Ottilia, nikimtazama simwoni mtu wa ishirini na mmoja. Ana mingapi?"

"Wewe unataka mingapi, mwanangu?"

"Hapa si sokoni, mama."

"Lakini alikwenda kwa hiari yake."

"Hata angeomba mwenyewe. Mtoto hana hiari ya vita. Kosa ni la aliyempeleka na aliyempa bunduki. Yeye kwanza ni mtu aliyetendewa uovu: tunamtenga na watu wazima, tunamtibu, tunamtafutia ndugu. Aliyoyatenda hayafutwi, na wafiwa wana haki yao. Ila hahukumiwi kama askari mtu mzima."

"Na mimi nikisema nilidanganya?"

"Utahojiwa. Siwezi kukuficha hilo."

Cheti chake cha ubatizo, chenye mwaka aliozaliwa, nilikuwa nacho kwenye pindo la kanga tangu asubuhi, nikisubiri kuona kama ataridhika bila hicho. Hakuridhika. Nikakitoa. Nikaandika maelezo, nikasaini.

Jioni ile wakamhamisha. Siku ya tatu nikaruhusiwa kumwona, Sekela akiwa kando. Mikono ya shati lake la zamani nililomletea ilimfika kwenye viwiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Sekela akamweleza kwamba cheti kimekubaliwa, kwamba anahesabiwa mtoto, na tangu mwanzo alikuwa mtoto. Dastan akanitazama.

"Shangazi, ulijua?"

"Nilijua."

Sekela akamuuliza angependa kuishi wapi wakimaliza kumtibu; hakuna wa kumlazimisha kurudi nyumbani.

"Popote," akasema. Kisha, taratibu, kama anayeogopa kunikosea adabu: "Ila si kwa shangazi."

Sekela akaandika.