Vifaranga wa Makote

Wa mwisho kushuka hupanda wa kwanza. Hiyo ndiyo sheria ya ghala letu la vifurushi Masasi, na sijawahi kuona mtu akiivunja akabaki na amani. Mzigo wa kituo cha mwisho unasukumwa mpaka kwenye ukuta wa mbele wa bodi, nyuma ya kichwa cha lori. Unafuata wa kituo cha kabla yake. Wa kituo cha kwanza unakaa mlangoni. Njiani ukifungua mlango, unachokitaka kiko mbele yako.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kazi yangu ilikuwa kusimamia upakiaji. Sheria ile niliipenda kwa sababu ilinipunguzia mambo ya kuwaza. Mpaka asubuhi moja yalipofika maboksi matatu ya vifaranga.

Waliteremshwa kutoka kwenye basi, wana siku moja tu tangu kuanguliwa, maboksi mapana yenye matundu ubavuni na juu. Walikuwa wakipiga kelele ghala zima. Mwenyewe ni mama mmoja wa Makote aliyejenga banda msimu huo baada ya korosho kumwangusha. Kabla sijaweka sahihi ya kuwapokea, alikuwa ameshanipigia simu.

"Mwanangu, wangu wamefika?"

"Shikamoo mama. Wamefika."

"Marahaba. Wanalia?"

"Wanalia sana."

"Basi wako wazima. Wakinyamaza uniambie."

Wakinyamaza. Neno hilo liliniingia kama mwiba. Siku ile njia yetu ilikuwa Mkunya, kisha Newala mjini, tumalizie Makote. Kwa sheria, vifaranga wangeingia kwanza kabisa, ndani, gizani, na mzigo wa watu wote ungejengwa mbele yao.

"Tuwaweke mlangoni," nilimwambia mpakiaji. "Wapate hewa."

Mpakiaji alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi. "Sawa dada. Mkunya tuwashushe juani, tutoe sabuni, tuwapandishe. Newala tuwashushe tena juani, tutoe viti. Halafu tujisahau, tuondoke, tuwaache barabarani wakilinda njia."

"Basi niwapakate mimi mbele."

Dereva alicheka akiwa ameegemea usukani. "Mwanangu, boksi hilo pana kuliko wewe. Gia nitaishika wapi?"

Wakaingia ndani, chini ya kidirisha kidogo cha hewa kinachotazamana na dirisha la nyuma la kichwa cha lori. Nilihakikisha pameachwa nafasi kila upande. Magodoro ya Makote, yaliyokunjwa na kufungwa kamba, yakasimamishwa kando yao. Kisha vikaja viti vya plastiki vya harusi na matairi ya Newala, na mlangoni katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kula ya Mkunya. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nami, ambaye kwa kawaida hubaki ghalani, nikapanda mbele na kukaa katikati ya wanaume wawili, kwa sababu nikibaki ningekufa kwa kuwaza.

Kwenye tambarare niliwasikia. Kila dereva alipopunguza mwendo, sauti zile nyembamba zilipenya kidirishani, na mimi nikapumua. Tulipoanza kupanda kuelekea uwanda wa juu, injini ilinguruma na mzigo ukaegemea nyuma. Nilisikia ukilalamika, kamba zikikaza, kitu kikiteleza taratibu kuelekea mlangoni.

"Kimesogea kitu," nilisema.

"Kupanda kote mzigo unarudi nyuma," mpakiaji alisema. "Afadhali kwao, wanapata nafasi."

Nilitaka kuamini. Juu kabisa, barabara ilipolala, mbuzi walikatiza. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu. Nyuma yetu kikaja kishindo kizito na laini, kama mtu mnene kaanguka kitandani. Kisha kimya.

Mbuzi walipita. Lori likiwa limesimama, injini ikiunguruma polepole, niliweka sikio kwenye dirisha la nyuma. Hakuna kitu.

"Mzee, naomba uzime injini."

Akazima bila kubisha. Tulikaa watatu tukisikiliza. Upepo. Mbuzi mmoja mbali.

"Wamelala," dereva alisema, lakini hakuwasha.

Simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni. Nilijua ni nani. Nilimwona kwa mawazo amesimama mlangoni mwa banda lake jipya na sikuweza kuipokea. Ningemwambia nini, na aliniambia kabisa nimwambie wakinyamaza?

Mkunya haikuwa mbali. Tulishusha sabuni na mafuta kwa haraka ambayo mwenye duka aliishangaa. Lakini nyuma ya nafasi ile ulisimama ukuta wa viti na matairi ya Newala, na nyuma ya ukuta huo hakukuwa na sauti. Sheria ilikuwa imefanya kazi yake vizuri: kila tulichokikuta mlangoni kilikuwa cha mtu mwingine.

"Tushushe vyote," nilisema.

Mpakiaji alitazama wingu jeusi lililokuwa likija, kisha akanitazama mimi. "Saa nzima hiyo, na mvua. Juu ya viti kuna upenyo, chini ya paa. Mimi siingii. Wewe unaingia."

Nilivua viatu. Nilipanda juu ya matairi, nikalala kifudifudi juu ya viti na kujivuta, taa ya simu ikiwa mdomoni, bati la moto likinikwaruza mgongo. Katikati nilikwama. Niliwaza nitafia pale, juu ya viti vya harusi ya mtu. Niliwaza viti vikiporomoka. Zaidi ya yote niliwaza nitakachokikuta, na hicho ndicho kilinifanya nitamani kurudi. Kutoka mlangoni mpakiaji aliita, "Dada, ukiwakuta wanacheza karata, waambie tunachelewa!"

Nikajivuta tena.

Magodoro mawili yalikuwa yameanguka juu ya maboksi na kuyafunika kama blanketi. Nilining'inia kichwa chini, nikashika kamba ya la kwanza na kuvuta. Halikusogea. Nikavuta huku nalia. Likainuka, nikalisukuma pembeni na kulibana kwenye viti. La pili likafuata. Nikafungua mfuniko wa boksi la juu. Hewa ya moto, yenye unyevu, ilinipiga usoni. Walikuwa wamelundikana pembeni, midomo wazi, hawalii. Nilipuliza. Nikapuliza tena. Mmoja alitikisa kichwa, akalia kwa hasira, na wengine wakamfuata.

Sikutoka. Nilibaki nimejikunja pale mpaka Newala, mguu wangu ukizuia godoro, mvua ikipiga bati juu yangu. Viti viliposhushwa mwanga uliingia, na mpakiaji hakufanya mzaha.

Tulipofika Makote, yule mama alifungua maboksi mwenyewe. Boksi la chini lilikuwa na waliokufa, wamelala pembeni kama manyoya yaliyofagiliwa. Aliwatoa na kuwaweka kwenye kanga. Nilimweleza habari za magodoro, mbuzi, breki, na simu niliyoogopa kupokea. Alileta maji yenye sukari kwenye sahani. Maji kule hufuatwa mbali, na hakuna kati yetu aliyekuwa amenywa. Akamchukua kifaranga mmoja mmoja, akamchovya mdomo, akamwachia. Kila aliyeinua kichwa kumeza, mama naye alimeza mate.

Alipomaliza alinitazama magoti yaliyochubuka.

"Ulikuwa humo ndani nao?"

"Ndiyo, mama."

Alifunga ncha za ile kanga.

"Msimu ujao naongeza wengine," alisema. "Waje na wewe."

Nilimjibu ndiyo. Tangu siku hiyo, kila basi likiingia Masasi, nasikiliza kama kuna kitu kinacholia.