Nusu ya Chumba cha Mbele

Dada yangu alikuwa mke wa kwanza wa fundi makochi. Alikaa naye miaka thelathini na minane na kumzalia mabinti wawili. Mwaka wa thelathini na mbili, Fundi akaoa tena. Aliyeletwa tukamwita Bi Mdogo, na mwaka haukuisha akazaa mtoto wa kiume.

Dada hakupiga kelele. Wivu wake ulikuwa wa kuhesabu. Alihesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mwenzake. Alihesabu zamu. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kilikuwa cha Fundi, na wake waliingia kwa zamu, usiku mbili mbili. Bi Mdogo akichelewa kutoka asubuhi, Dada alijua kachelewa kiasi gani.

Alihesabu hata kamba ya nguo.

"Mwezi huu kaanika vitambaa vyake," alikuwa akija kumwambia mke wangu. "Hana kitu."

"Wifi, na wewe! Mambo ya mwenzio yanakuhusu nini?"

"Yananihusu. Akizaa wa pili, wanangu watabaki na kizingiti."

Mke wangu alicheka. Alikuwa hai bado siku hizo.

Basi ikatokea ugomvi wa zamu. Fundi aliugua mafua, akalala siku nne mfululizo wakati wa zamu ya Bi Mdogo. Dada akataka alipwe siku zake. Bi Mdogo akasema mgonjwa halipwi. Wakatupiana maneno uani, mpaka Fundi akatoka na blanketi mabegani, amechoka. Sijui nini kilimpanda. Akachukua karatasi, akamwandikia Bi Mdogo talaka moja, akatia tarehe. Dada akaomba nakala. Akaitia sandukuni chini ya kanga zake.

Mwanamke aliyepewa talaka ya rejea, ile ambayo mume bado aweza kumrudia, hukaa edda, muda wake wa kungoja, kwenye nyumba ya mumewe. Bi Mdogo akabaki chumbani kwake na mwanawe. Fundi hakumrudia, wala hakumfukuza. Siku ya hamsini na nne alianguka kwenye benchi lake akiwa ameshika nyundo. Hakuamka.

Wiki tatu baadaye kadhi akatuita. Wanawake wa edda hutoka mchana kwa haja, na hiyo ilikuwa haja. Ofisi ilikuwa ndogo, viti vya plastiki, feni inayolia. Tulikuwa Dada, mabinti zake wawili, Bi Mdogo, na mimi. Wazazi wa Fundi walikufa zamani. Fundi alikodi karakana. Vifaa vyake vilikwishauzwa vikalipa mazishi na madeni, na wasia hakuacha. Ilibaki nyumba, vyumba vinane vinavyolingana.

Kadhi akaeleza polepole.

"Mwenye watoto akifa, wake zake wana thumni. Sehemu moja katika nane. Awe mmoja, wawe wanne, thumni ni hiyo hiyo, wanagawana sawasawa. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja moja."

Mimi sikusoma, lakini vyumba nilijua kuhesabu. Thumni ya vyumba vinane ni chumba kimoja. Dada naye alijua. Alikuwa ameshachagua kipi.

"Shehe," alisema, "hapa mke ni mmoja."

Akaifungua karatasi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja kama anapiga pasi.

Kadhi akasoma. "Talaka moja. Hii ni rejea. Edda yake ikiwa haijaisha siku mume anakufa, huyu ni mke na anarithi. Ikiwa imeisha, hana fungu."

"Imeisha. Siku hamsini na nne!"

"Edda haihesabiwi kwa siku, mama. Kwa mwenye kuona siku zake, inahesabiwa kwa twahara tatu, vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Hedhi ya tatu ikiingia, ndiyo mwisho." Akamgeukia Bi Mdogo. "Tangu hiyo tarehe mpaka msiba, ulipata mara ngapi?"

Bi Mdogo akainamisha kichwa. Mabinti walikuwa pale, mimi kaka wa mke mwenzake nilikuwa pale. Akavuta ushungi mpaka usoni.

"Mnaona?" Dada akasema. "Kanyamaza. Anajua zimepita tatu."

"Neno ni lake kwa kiapo," kadhi akasema. "Namwita mama wa ofisi, wazungumze pembeni. Na lingine nataka kulijua. Kama ana mimba ya marehemu, edda ni mpaka ajifungue. Na mtoto wa tumboni ana urithi, lazima tumwekee fungu la kiume mpaka azaliwe."

Hapo Dada akainuka. Nilimshika mkono, nikamkosa.

"Mimba? Mimba gani! Hana mimba huyu, Shehe, asije akawababaisha. Tunaishi ua mmoja, kamba moja. Alianika wiki mbili baada ya talaka. Akaanika tena siku tisa kabla ya msiba, siku ya soko, nilimwona kwa macho yangu. Hakukosa hata mwezi!"

Feni ikalia. Binti mkubwa akafumba macho.

"Na katikati ya hizo mbili?" kadhi akauliza.

"Hakuna! Mimi si ningejua?"

"Na baada ya ile ya pili, mpaka siku ya msiba?"

Nikamwona Dada anahesabu, kidole gumba kinatembea juu ya vidole vingine. Kikafika cha pili, kikasimama.

Akakaa.

Mama wa ofisi alitoka na Bi Mdogo, wakarudi. Kiapo chake na maneno ya Dada vilikuwa kitu kimoja: mara mbili tu. Kadhi akaandika kuwa wake ni wawili.

Mtoto wa kiume akapata vyumba vitatu na nusu, mama yake akiviangalia chini ya jicho la kadhi. Mabinti wakapata vitatu na nusu, wao wawili. Kile cha nusu kwa nusu wakakubaliana kipangishwe. Kikabaki cha thumni. Wote wawili walitaka cha mbele.

"Miaka thelathini na minane," Dada akasema, "na miaka sita. Sawasawa?"

"Sheria haihesabu miaka, mama. Mmoja anaweza kumwuzia mwenziwe."

"Siuzi," akasema Dada.

"Na mimi siuzi, dada yangu," akasema Bi Mdogo. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti siku ile.

"Mimi si dada yako!"

"Basi, Bi Mkubwa. Siuzi."

Dada akalala kwa binti yake. Bi Mdogo akalala kwa mwanawe. Chumba cha mbele kikawa na makufuli mawili. Niliyafunga mimi, maana Dada hakuamini mkono wa mtu mwingine. Kila mmoja ana ufunguo wake, na hakuna awezaye kuingia peke yake.

Mwezi mzima kilikaa kimefungwa. Vumbi likaingia. Halafu Dada akataka dirisha lake. Nilikuwa pale. Alikwenda mpaka mlango wa Bi Mdogo, akasimama, akakohoa.

"Wewe. Njoo ufungue lako."

Bi Mdogo akaja na ufunguo shingoni. Wakafungua. Hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake humo peke yake, kwa hiyo wakakaa wote. Dada upande huu wa dirisha, Bi Mdogo upande ule. Tangu siku hiyo ni hivyo kila alasiri.

Nilimwuliza Dada huwa wanazungumza nini.

"Nizungumze naye nini?" akanijibu. "Namwangalia asije akasogeza kiti."

Nilikwenda nyumbani. Kwangu kuna viti viwili na hakuna wa kugombea naye.