Mara kwa Mara ni Mara Ngapi?

Mjukuu wangu, mtaalamu wa lishe, aliitwa kazini na shirika moja pale Mwanga. Barua ilisema atasafiri vijijini "mara kwa mara". Sasa yeye ana mtoto anayenyonya, kwa hiyo kabla ya kukubali akawaandikia watu wa ajira, akiomba kuongea na kiongozi wa timu yake.

"Utawaudhi, bibie!" nikamwambia. "Mgeni hafunui chungu." Mimi ujanani nilipanda mtumbwi wa dagaa bila kumuuliza nahodha lolote, nikala ugali mkavu mwezi mzima, lakini hayo tuyaache.

Kesho yake kiongozi akapiga simu, mama mchangamfu. Mjukuu akaweka spika, akauliza, "Mara kwa mara ni mara ngapi?"

"Siku nne kwa mwezi, tunalala Kalinzi. Anayenyonyesha huja na mtoto na mlezi."

Nikashindwa kunyamaza. "Na huyo mlezi anakula nini?"

"Shikamoo, babu," akacheka. "Anakula tunachokula sisi. Kwani mlezi ndiye wewe?"

Mjukuu alikubali kazi siku hiyohiyo. Mimi nikaanza kutafuta koti, maana Kalinzi kuna baridi.