Barua ya Kukataa Cheo cha Biharamulo

Barua ya kupandishwa cheo ilinikuta nimechutama kwenye shamba la kahawa la mzee mmoja wa Nyamiaga, namwonyesha jinsi ya kukata matawi yaliyochoka. Nilifuta vidole kwenye suruali, nikasoma. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa kilimo wa tarafa moja wilayani Biharamulo, huko kwenye pamba, na niwe nimeripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye kahawa aliona muhuri akanipongeza kabla sijafika chini ya karatasi. Nilimshukuru, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Wazazi wangu walikuwa kijijini Mabawe, humu humu wilayani Ngara. Walikuwa wameteremshwa kutoka kilimani kuja kijiji cha ujamaa kando ya barabara, lakini migomba haikuteremshwa nao, na baba kila asubuhi aliipanda ile njia kwenda kuitazama. Mama alikuwa karibu haoni kabisa. Alimjua mtu kwa kukohoa. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekaa nao, alikuwa amechukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vitani, na tangu aondoke tulikuwa na habari zake za kusikia tu. Nikabaki mimi na baiskeli yangu, Jumamosi kwa Jumamosi, nikiwapelekea chumvi na mafuta ya taa vikipatikana.

Na kuna jambo baba alilokataza lisitajwe. Mwezi uliotangulia alianguka kule kwenye migomba, akalala hapo hapo mpaka mwanamke aliyekuwa akitafuta kuni alipomwona. Alipoinuliwa alisema alikuwa amepumzika.

Watu waliniambia Biharamulo si mbali. Kwenye ramani, kweli si mbali. Lakini ilikuwa wakati wa vita: kila lori lililoweza kutembea lilikuwa limekwenda kubeba askari na chakula chao, na petroli ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mtu akiugua Mabawe, mimi ningepata habari wakati matanga yameshaanuliwa. Niliamua siku ile ile kwamba siendi, na uamuzi huo haukunipa raha hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nakitaka kile cheo. Nilikitaka sana.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi wa wilaya, mtu wa makamo aliyependa karatasi kuliko mimea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

Nilimweleza. Alivua miwani, akanisomesha kama mtoto wa darasa la nne.

"Kwanza, usinyamaze. Ukinyamaza umekubali, na usipotokea huko utaandikwa mtoro, na mshahara wako utakuwa umeshahamia Biharamulo. Pili, usiandike kwamba unakataa uhamisho. Uhamisho ni amri. Andika kwamba unaomba kutokipokea cheo. Cheo ni heshima, na heshima mtu anaweza kuirudisha kwa adabu. Tatu, usiombe upewe cheo hicho hicho ukiwa hapa Ngara. Utaonekana mchuuzi."

Alisema barua iende kwa mkurugenzi mkoani, lakini ipitie kwake yeye, naye aandike maoni yake chini. Ianze kwa kutaja namba ya barua yao, ishukuru, ikatae waziwazi katika aya ya kwanza ili msomaji asibahatishe, itoe sababu kwa ufupi, iseme niko tayari kuendelea na ngazi yangu na mshahara wangu, na kwamba naelewa wenzangu watanipita. Mwisho akagonga meza. "Na uambatishe barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba wazee hawajiwezi. Kila mtu ana wazazi, kijana."

Niliandika kama alivyotaka: *wazazi wangu ni wazee wasiojiweza.* Nikaipeleka Mabawe.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakutaka kutia sahihi jambo ambalo hakulisikia kwa mwenyewe. Akamwita baba ofisini siku ya kugawa mbegu za maharage, watu wamejaa mpaka mlangoni.

"Mzee, mwanao ameandika kwamba hujiwezi tena. Ni kweli?"

Kwetu mzee haulizwi hivyo mbele ya watu ambao jana alikuwa akiwaamulia ugomvi wa mipaka. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri, ila alidhani kazi ya serikali ina adabu zake nyingine. Baba alinitazama. Kisha akainama, akajitwika mfuko wa mbegu kichwani, mfuko ambao vijana walikuwa wakiubeba wawili, akatoka nao akishuka ngazi. Watu walimpigia makofi.

"Umeona mwenyewe," mwenyekiti aliniambia. "Sasa niandike nini?" Hakutia sahihi.

Nilimkuta baba nyumbani amekaa chini, mgongo ukutani, miguu inatetemeka. Mama alikuwa akimkanda shingo kwa samli.

"Umeiandikia serikali kwamba mimi ni maiti," alisema kwa Kihangaza chetu.

"Nimeandika kwamba nataka kubaki, baba."

"Nani alikuomba? Nimeshawaambia watu kwamba mwanangu ni mkubwa Biharamulo. Nenda kawe mkubwa."

Nilikasirika. Nilitaka kumkumbusha nani aliyemwinua kwenye migomba. Neno lilinifika kwenye meno, nikalimeza, nikapanda baiskeli.

Kesho yake niliandika barua nyingine, ofisini kwetu wilayani. Shukrani ile ile, kukataa kule kule. Lakini kwenye sababu niliwaondoa wazee wasiojiweza nikajiweka mwenyewe. Niliandika kwamba wazazi wangu hawajaniomba nibaki. Kwamba mdogo wangu yuko vitani. Kwamba mimi ndiye nisiyeweza kufanya kazi ya Biharamulo inavyostahili bila kujua wameamkaje. Nikafunga kwa Uhuru na Kazi, kama wote tulivyofunga siku hizo.

Mkuu wangu aliisoma mara mbili. "Hii haina ushahidi wowote."

"Ushahidi wake ni mimi, mzee."

Aliguna. Nilidhani ataichana. Akachukua kalamu akaandika chini: *Naipitisha. Ni mfanyakazi mzuri. Akilazimishwa, Biharamulo watapata mwili wake tu.* Nakala moja ikaingia kwenye jalada langu, nyingine nikabaki nayo, na barua yenyewe ikaenda Bukoba na gari la posta, lilipopatikana.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Tarehe ya kuripoti ilifika na kupita bila jibu, nami kila asubuhi nilikwenda kazini nisijue kama bado ni mwajiriwa au mtoro. Baba hakuniita kwa jina wakati wote huo. Alimwambia mama, "Mwambie huyo ale."

Jibu lilikuja fupi. Ombi limekubaliwa. Nafasi amepewa mwingine. Sitafikiriwa tena kwa cheo hicho mpaka nitakapoomba upya. Huyo mwingine nilikuwa nimemfundisha mimi kupima shamba kwa kamba, na nakiri iliniuma kama jino.

Jumamosi nilimsomea baba barua hiyo, nikiitafsiri sentensi kwa sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita kwa jina.

"Kwa hiyo sasa hata kufa itabidi nikuombe ruhusa," alisema.

"Nyamaza," mama akamwambia.

Hakunyamaza. "Nikifa upesi, umekitupa cheo bure. Nikichelewa, utanichukia. Ungenionea huruma, mwanangu, ungekwenda."

Nilimwambia siwezi kumchukia kamwe. Nilisema upesi mno, na mama, ambaye haoni, aligeuza uso upande wangu.