Jedwali Lililosimama kwa Kichwa

Kazi yangu ni kugeuza kurasa, na mtu akinicheka namwambia acheke tu. Nakaa kwenye ghorofa ya chini ya chuo kimoja cha Maryland, katika ofisi isiyo na dirisha, natayarisha vitabu kwa wanafunzi wasioona. Kitabu kinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, programu inasoma picha na kuitoa kama maandishi, kisha kompyuta ya mwanafunzi inamsomea kwa sauti. Picha ikiwa imelala ubavu au imesimama kwa kichwa, programu husoma upuuzi, na mwanafunzi husomewa upuuzi huo. Kwa hiyo mtu anahitajika kukaa pale na kuhakikisha kila kitu kinasomeka kuanzia juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Mtu huyo ni mimi, ninayetoka Falls Church, Virginia, kila asubuhi nikigombana na magari ya Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington.

Mwanafunzi ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa Mtanzania wa makamo, mtu wa Tanga, aliyekuwa dereva wa lori kabla kisukari hakijamla macho. Aliishi Riverdale Park, karibu tu na chuo, akaja kusomea cheti cha uhamasishaji wa afya. Kulikuwa na kituo cha simu kilichotafuta watu wa kuwashauri wagonjwa wa kisukari kwa Kiswahili, na walikuwa wamemwambia waziwazi: lete cheti kamili, kazi ni yako. Cheti kamili, bila msamaha wa somo lolote. Aliyarudia maneno hayo kila alipokuja ofisini kwangu, na mimi nikayakariri pamoja naye.

Basi siku moja mwalimu wake aliandika barua kwa ofisi yetu. Katika mtihani wa majaribio, mwanafunzi alikuwa amefanya vizuri kila mahali isipokuwa kwenye maswali ya jedwali la uzito na urefu. Hapo, mwalimu aliandika, anaonekana anabahatisha. Alipendekeza mwanafunzi asamehewe sehemu hiyo katika mtihani wa mwisho, uliobakiza wiki moja. Barua ilikuwa ya upole sana, na upole ule ulinikera kuliko tusi. Mtu anakufungia mlango huku anakupangusa vumbi begani.

Msimamizi wangu, Mmarekani asiyependa kelele, aliniwekea fomu ya msamaha mezani.

"Aje asaini," alisema. "Majedwali huwa magumu kwao. Si kosa la mtu."

Nilimpigia simu yule baba, akaja siku hiyohiyo na fimbo yake nyeupe na koti lake la kijivu. Nilimsomea barua yote. Nikamwambia kuna na fomu ya kusaini, akauliza iko wapi. Nikamshikisha. Aliikunja mara mbili, akanirudishia.

"Dada, mimi sikuomba kusamehewa," alisema. "Niliomba kusomewa."

Niliona aibu, maana aliyepewa kazi ya kumsomea nilikuwa mimi.

"Hebu nieleze ulivyojibu maswali ya jedwali," nikamwambia.

Akaanza kueleza, na alieleza kama dereva anavyoeleza njia. Jedwali lile lilichukua kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikwenda sawa: urefu mwanzo wa kila mstari, kisha uzito kwa paundi katika safu zake, toka mwembamba hadi mnene, mpaka urefu wa inchi sitini na tano. Ukurasa wa pili haukuwa sawa. Kila mstari ulianza na uzito moja kwa moja, bila urefu.

"Nikadhani mwanzo wa mstari umekatwa. Sasa nifanyeje? Wa mwisho kule nyuma ni sitini na tano, basi wa kwanza huku lazima uwe sitini na sita. Nikahesabu. Mstari wa kwanza, safu ya kwanza, nikaandika nilichosomewa. Mia moja themanini na mbili. Mwalimu anasema jibu ni mia moja kumi na nane."

"Ungeniambia, baba."

"Ningekwambia nini? Namba zilikuwa namba. Ila kuna kitu kimoja. Mwisho wa kila mstari kuna namba ya ziada, haina safu. Ya mistari minne ya mwisho nimeikariri, maana ilinishangaza. Sitini na tisa. Themanini na tisa. Kumi na tisa. Tisini na tisa." Akacheka. "Mtu wa inchi tisini na tisa, dada, huyo anapita mlango gani?"

Niliziandika kwenye karatasi, moja chini ya nyingine. Nikaziangalia. Halafu nikaigeuza karatasi juu chini.

Tisini na tisa ikawa sitini na sita. Themanini na tisa ikawa sitini na nane. Sitini na tisa ilibaki sitini na tisa, kwa sababu namba hiyo hata uigeuze haibadiliki. Na ile kumi na tisa ilikuwa sitini na saba, ambayo saba yake ikisimama kwa kichwa hufanana na moja yenye mguu. Ukurasa mzima ulikuwa umesomwa juu chini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kwanza, safu ya mwisho ilikuwa ya kwanza, na urefu uliopaswa kufungua kila mstari ulikuwa unaufunga.

Nilijua pia nani kaufanya hivyo. Sisi tuna kamera moja. Tunapiga kwanza kurasa zote za kulia, kisha tunakigeuza kitabu na kupiga zote za kushoto, ambazo hutoka juu chini. Baadaye unaiambia kompyuta: zote za kushoto zizungushe nusu duara, na kazi inaisha kwa amri moja. Jedwali lile lilichapwa ubavu kwa sababu lilikuwa pana. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa kulia, wa pili, nyuma ya karatasi hiyohiyo, ulikuwa wa kushoto. Mimi, kwa ujuaji wangu, niliwahi kuzigeuza zote mbili kwa mkono mpaka zikakaa wima. Kisha nikatoa ile amri. Ukurasa wa kulia haukuguswa. Wa kushoto, uliokuwa tayari umekaa vizuri, ukapinduliwa tena.

Laiti ungekuwa na maneno, programu ingetoa takataka na ningeziona. Lakini kitabu kile kilikuwa bahili, hakikurudia vichwa vya safu kwenye ukurasa wa pili. Zilikuwa namba tupu. Na mimi nilikuwa nimeiambia programu kwamba hapo kuna tarakimu peke yake, isitoe herufi, ili isichanganye sifuri na O. Ikanitii. Kila umbo lililosimama kwa kichwa ililitafutia tarakimu iliyofanana nalo. Niliukagua ukurasa wa kwanza, nikauona safi, wa pili sikuufungua. Nikasema ni namba tu.

Nilimwambia yote hayo. Sikuficha kitu.

"Kwa hiyo sikubahatisha," alisema.

"Hukubahatisha hata kidogo. Nisamehe, baba."

"Wewe pia unataka msamaha? Leo ofisi hii ni misamaha mitupu." Lakini alikuwa anatabasamu. "Rekebisha kwanza."

Nilirekebisha huku amekaa pale. Niliirudisha picha ya asili, nikaizungusha robo duara peke yake nje ya ile amri, nikaisoma upya. Namba ya ukurasa, iliyochapwa wima pembeni ya jedwali lililolala, niliikata niisome mbali ili isijipenyeze katikati ya uzito wa watu. Nikabandika vichwa vya safu kutoka ukurasa wa kwanza. Halafu nikawasha sauti. Kompyuta ikasema: urefu sitini na sita, mia moja kumi na nane. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia injini ya lori lake imewaka.

Msimamizi wangu alifurahi kusikia tatizo limekwisha. Aliniambia niandike barua fupi, niseme kulikuwa na hitilafu ya programu.

"Haikuwa programu," nilisema. "Programu ilifanya nilichoiambia."

"Ndivyo tunavyoandika. Kwa faida yako."

Nilikataa. Msinione shujaa. Niliogopa, na kodi ya nyumba ya Virginia haisubiri ujasiri wa mtu. Lakini nilifikiri mpaka mwisho. Tukisema programu ina hitilafu, mwalimu atasema faili hizi haziaminiki, na ile fomu itarudi. Faili ingeaminika tu kama kosa lingekuwa na ukurasa wake, siku yake na mtu wake. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilihitaji njia ya kufika mpaka kwenye mtihani. Nikaandika jina langu na nilichofanya, amri kwa amri, nikapanda ghorofani kwa mwalimu pamoja na mwanafunzi mwenyewe.

Mwalimu alitupokea vizuri na kuanza tena kueleza ubora wa msamaha. Nilimwomba ruhusa nikamwekea mezani kopi ya ukurasa ule, juu chini, kama ulivyosomwa.

"Shika majibu yake," nikasema. "Anza juu kushoto. Hesabu kama yeye alivyohesabu."

Alihesabu kwa kidole. Pale palipotarajiwa mia moja kumi na nane, karatasi ilikuwa na 287 iliyopinduliwa. Nikamwonyesha jinsi saba iliyopinduka ilivyokuwa imesomwa kama moja, na ile namba ikawa mia moja themanini na mbili. Akaenda swali la pili. La tatu. Alipofika la tano hakuhitaji tena kidole changu. Kila jibu aliloliwekea alama ya kosa lilikuwa limetoka mahali pake hasa, kwa hesabu isiyoteleza hata safu moja. Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Alisoma sawasawa," alisema taratibu. Alikuwa ananiambia mimi.

"Mwambie yeye," nikasema. "Yuko hapa."

Mwalimu alimgeukia yule baba na kumwambia, kwa sauti iliyokuwa imepoteza upole wake wote na kwa hiyo ikawa na heshima, kwamba mtihani wa majaribio utasahihishwa upya na kwamba wiki ijayo atajibu maswali yote kama wengine.

"Yote," baba akarudia. "Na la jedwali liwe gumu, tafadhali."

Alifanya mtihani, akapata cheti kamili. Mimi nilipata onyo la maandishi kwenye faili langu, na nililisaini bila kubisha, kwa sababu lilisema kweli. Siku hizi nafungua kila ukurasa, hata wa namba tu, hasa wa namba tu.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu mchana nikiwa kazini. Alikuwa kwenye kituo kile, nyuma yake nilisikia sauti za watu wengine kwenye simu. Alisema ametoka kuzungumza na mama mmoja Mkongo wa Arlington aliyekuwa analia, kwa kuwa ameambiwa kwenye karatasi kwamba uzito wake ni wa hatari.

"Nikamwuliza urefu wake. Inchi sitini na sita," alisema. "Nikafungua jedwali lako."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia akae vizuri anisikilize. Nikamsomea mstari wake wote, mpaka akajua mwenyewe alipo."