Jumamosi Tuliyotaka Kubadilisha Seva Kuu

Tulikuwa wawili ofisini, katikati ya jiji, mimi na mwenzangu wa Mombasa ambaye nimefanya naye kazi tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Tulitunza kumbukumbu za wagonjwa za zahanati tatu: Jamhuri, Waithaka na Uthiru. Siku hiyo tulitaka kuistaafisha seva kuu, kompyuta inayohifadhi kumbukumbu zote, iliyokuwa imechoka, na kuipandisha cheo moja kati ya nakala zake mbili ishike nafasi yake.

Kila kinachoandikwa zahanati huingia kwenye seva kuu, na nakala hukipokea na kukirudia. Kusoma ndiko kunakogawanywa. Katikati tuliweka proksi, programu inayopokea kila ombi na kuamua liende wapi. Kila mara huziuliza nakala zimebaki nyuma kiasi gani. Iliyochelewa kupita sekunde chache huachwa, bila mtu yeyote kuambiwa, hadi itakapoifikia seva kuu. Zikichelewa zote, maombi yote huenda kwa seva kuu. Niliipenda kwa hilo: muuguzi hasomi habari za jana akidhani ni za leo.

Simu ililia. Alikuwa muuguzi wa Waithaka.

"Sasa, mzee wa kompyuta. Hii system yenu imeamua kuzeeka na wewe?"

"Kuna nini, sista?"

"Inatambaa! Nafungua faili, naenda kunywa chai, narudi, bado inafunguka. Na kuna baba mmoja alidungwa penisilini hapa Alhamisi, akavimba koo, karibu atuache. Niliandika. Leo anarudi kusafishwa kidonda, na daktari ni mgeni. Nataka aione hiyo aleji kabla hajashika sindano."

"Ataiona. Nipe namba ya faili."

Alinitajia, akakata simu, nami nikaifungua kupitia proksi. Aleji ilikuwepo, kwa maandishi mekundu. Kisha, kwa kuwa nakala ndiyo ingekuwa seva kuu muda si mrefu, nikaipita proksi na kuifungua faili ile ile ndani ya nakala yenyewe. Jina lilikuwepo, umri ulikuwepo, kidonda cha mguu kilikuwepo. Mahali pa aleji palikuwa patupu.

Nilidhani nimekosea namba. Nikairudia tarakimu kwa tarakimu. Patupu. Nikatafuta mgonjwa yeyote wa Alhamisi, wa zahanati yoyote, kisha wa Ijumaa. Hakuna hata mmoja. Nikafungua nakala ya pili. Nayo ilikuwa imekoma Jumatano.

"Usibonyeze," nikamwambia mwenzangu, aliyekuwa amekwisha kuandika amri ya kuipandisha nakala cheo.

"Nisibonyeze nini? Imebaki Enter tu, bwana. Nimeiuliza nakala kama inaendelea kupokea na kurudia, ikanijibu ndiyo."

"Toa mkono kwenye kibodi."

Aliutazama uso wangu, akautoa mkono. Akaja nyuma ya kiti changu, akasoma. Kisha yeye ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ya Rabi. Ile amri ya Jumatano, ya kufuta majibu ya zamani ya maabara. Lile jedwali halina ufunguo."

Seva kuu ilikuwa imefuta yote kwa mpigo mmoja. Lakini nakala hupokea mabadiliko mstari kwa mstari, na bila ufunguo, yaani namba ya kipekee ya kutambulisha kila mstari, hulazimika kulipekua jedwali zima kutafuta kila mstari mmoja wa kufuta. Zote mbili zilikuwa bado zinapekua, na yote yaliyoandikwa baadaye yalikuwa nyuma ya ufutaji huo kwenye foleni. Jibu la "ndiyo" halikuwa uongo, kwa kuwa hazikuwa zimesimama. Kengele yetu nayo tuliitega ilie nakala ikifa, si ikichelewa.

Kilichonishtua kuliko vyote ni kwamba proksi haikukosea popote. Iliziepuka nakala zote mbili na kuitwika seva kuu kila kitu, vizuri kiasi kwamba hatukujua kuwa hatuna nakala. Tulichokiona ni uzito tu, tukausingizia uzee wa mashine. Na mwenzangu angebonyeza, ile nakala ingeitwa kuu. Seva kuu haiulizwi imebaki nyuma ya nani. Proksi ingeanza kumpa daktari mgeni mahali patupu, tena bila kusita.

"Mungu wangu," mwenzangu alikuwa akirudia. Alikaa chini, mikono ameifungia kwapani, kama mtu asiyejiamini nayo.

Nilimpigia muuguzi.

"Huyo baba ameshafika?"

"Yuko kitandani. Daktari anasoma faili saa hii. Kwa nini unapumua hivyo?"

"Muulize ameona nini."

Nikamsikia akiuliza, na sauti ya mwanamume ikijibu kwa mbali.

"Anasema ameiona aleji, huyu hapewi penisilini, atampa dawa nyingine. Sasa hii kutambaa mtatengeneza lini?"

"Sista, leo iache itambae."

"Wewe! Umekunywa nini?"

Nilikata simu. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuifuta ile amri ya kuipandisha nakala cheo kwenye skrini yake, herufi moja moja.